Nani Alimfanyia Nani Nini: Mhadhara wa Uhuru kwa Kiswahili

Binti yetu yuko mwaka wa kwanza chuo kikuu hapa Johannesburg, na moja ya masomo yake ni historia ya Afrika. Mtihani ni Juni. Alama za somo hilo zina uzito nyumbani kwetu, kwa sababu ufadhili wa ada yake unaendelea tu akifaulu masomo yote ya muhula, na mshahara wangu na wa mama yake hauwezi kuibeba ada nzima. Alipoanza kujisomea aliniletea daftari lake, kwa kuwa kabla ya kuhamia huku nilifundisha historia sekondari kule Morogoro kwa miaka kumi na moja. Mhadhara aliokuwa akiuhangaikia ulihusu kuibuka kwa vyama vya kudai uhuru baada ya Vita Kuu ya Pili. Mfano mkuu ulikuwa Tanganyika, pamoja na Kenya na Afrika Kusini kwa kulinganisha.

Daftari lilikuwa safi, kurasa tisa za Kiingereza kizuri, lakini katika kurasa zote tisa hakukuwa na mtu anayefanya kitu. Kulikuwa na orodha ya sababu tano: vita, elimu, kukua kwa miji, sera za kilimo, Umoja wa Mataifa. Nikamuuliza, "Sera ya kilimo inakuwaje chama cha siasa? Mtu analima, halafu anafanya nini?" Akatazama ukurasa, akanitazama mimi, akasema, "Baba, mhadhiri alisema tu kwamba ilichangia."

Tukakubaliana kwamba tutausikiliza upya mhadhara ule, ambao chuo huwarekodia wanafunzi, na kuuandika kwa Kiswahili katika kurasa mbili tu. Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, hilo nalijua. Nilichotaka ni aone mahali anapoelewa na mahali anapokariri, na Kiswahili kina namna yake ya kukuumbua. Kiingereza cha chuoni hupenda kupanga majina juu ya majina. Ukijaribu kuyageuza hivyo hivyo unapata "kuongezeka kwa kutoridhika kwa wakulima kutokana na kuingiliwa kwa uzalishaji", na hata mtoto wa darasa la sita atakuambia hapo hujasema kitu. Basi tukaweka sharti: ukiona "kwa" tatu zimefuatana katika sentensi moja, simama, uivunje. Uliza nani alimfanyia nani nini, kisha uandike kitenzi.

Dakika kumi za kwanza za mhadhara zilituchukua jioni nzima, kwa sababu ya neno moja. Mhadhiri alisema "utawala wa kikoloni" kwa nchi zote, na binti yangu akaandika "ukoloni" akaendelea. Nikamrudisha. Uingereza haikuzishika nchi zetu kwa hati ya aina moja. Kenya ilikuwa koloni tangu 1920. Uganda na Zanzibar zilikuwa nchi za himaya. Tanganyika Wajerumani waliipoteza katika Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ikakabidhiwa na Shirikisho la Mataifa, na kuanzia 1946 ikawa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa. Nalo neno hili la udhamini linajieleza lenyewe kwa yeyote aliyewahi kumdhamini ndugu: mali si yako, umeishika tu, na yuko mtu wa kukuuliza umeitunzaje. Uingereza ilitakiwa kupeleka taarifa kila mwaka kwa Baraza la Udhamini, Baraza lilituma wajumbe kuikagua nchi kila baada ya miaka mitatu, na mwananchi wa kawaida aliruhusiwa kuliandikia Baraza barua ya malalamiko. Mkenya hakuwa na mlango huo. Tukaandika mstari mmoja juu kabisa ya ukurasa wa kwanza: Tanganyika ina mtu wa kushtakiwa kwake, Kenya haina. Nusu ya mambo yaliyofuata katika mhadhara yalining'inia kwenye mstari huo.

Tukafika kwenye sera za kilimo, na hapo ndipo nilipotaka tukae muda mrefu, kwa sababu mfano wa mhadhiri ulikuwa milima ya Uluguru, na Uluguru ndiko kwetu. Yeye aliutaja kwa sentensi mbili, kwamba kulikuwa na mpango wa kuhifadhi udongo na kwamba wenyeji waliupinga mwaka 1955. Mtu akisoma hivyo atadhani Waluguru walikuwa wakaidi wasiotaka maendeleo, na ndivyo maofisa wengi wa wakati ule walivyodhani.

Mambo yalikwenda hivi. Baada ya vita serikali iliogopa kwamba mvua zinaosha udongo wa milimani na kuujaza mtoni. Dawa waliyoichagua ni matuta ya ngazi: unakata mteremko, unatengeneza kitu kama ngazi pana za udongo, unalima juu ya kila ngazi. Kwenye milima yenye udongo wa kina kirefu matuta hayo ni kazi nzuri. Sehemu kubwa ya Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi unaufukia udongo mzuri na kuuleta juu ule mwekundu wa chini usioota kitu. Kwa hiyo mtu anafanya kazi ngumu ya siku nyingi, na mwisho wake shamba linatoa mahindi machache kuliko mwanzo. Halafu kazi yenyewe ilikuwa ya lazima. Watawala wa kienyeji walipewa jukumu la kuhakikisha kila kaya imekata matuta yake, na asiyekata alitozwa faini.

Tulimtumia bibi yake ujumbe wa sauti. Mama yangu alikuwa binti mdogo upande wa Matombo miaka hiyo. Alijibu usiku uleule, na katika dakika nne za sauti yake hakutaja serikali ya Uingereza hata mara moja. Alitaja jembe. Alisema wanawake ndio waliokata matuta, pamoja na kulima, kuchota maji na kulea, na kwamba mama yake alirudi jioni mikono ikiwa na malengelenge na kuanza kupika. Alisema pia kwamba waliyekuwa wakimchukia ni jumbe, mtu waliyemjua, wa hapohapo, aliyepita shambani kuhesabu.

Binti yangu akasimamisha sauti hiyo mara mbili. Kisha akaandika mwenyewe, nami nainakili kama alivyoiandika: "Serikali iliwatumia watawala wa kienyeji kulazimisha matuta. Matuta yaliharibu udongo. Watu wakaacha kumheshimu jumbe. Jumbe alipokosa heshima, pakawa hapana mtu wa kuwasemea, mpaka akaja mwingine." Hapo ndipo alipouona mnyororo. Waingereza walitawala kupitia wenyeji ili wawe na maofisa wachache na gharama ndogo, na mpango huo unasimama tu iwapo mtawala wa kienyeji ana heshima. Ukimpa kazi ya kutoza faini za matuta, unaimaliza heshima yake kwa mkono wako mwenyewe. Julai 1955 umati ulikusanyika kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Baada ya hapo serikali iliacha kulazimisha matuta.

Nilidhani tumemaliza, lakini akaniuliza swali ambalo mwalimu yeyote hulifurahia. "Waliokusanyika walikuwa wanachama wa TANU?" Chama kilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, maana kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954. Wengi wa wale watu walikuja kwa ajili ya matuta, hawakuja kwa ajili ya Tanganyika. Ndiyo sababu sipendi muhtasari unaoandika "Waluguru walidai uhuru mwaka 1955". Walidai kuachwa walime. Kazi ya chama ilikuwa kumwambia Mluguru wa matuta, Msukuma aliyelazimishwa kupunguza ng'ombe, na kuli wa bandarini mwenye mshahara duni kwamba aliye nyuma ya jumbe, bwana mifugo na msimamizi ni mmoja. Mtihani ukiuliza kama harakati zilitoka kwa wasomi wa mjini au kwa wakulima, mwanafunzi mwenye orodha ya sababu tano atachagua upande mmoja. Mwenye mnyororo ataonyesha mahali pande mbili zilipokutana.

Katika kurasa zetu tuliweka mshale mahali pale tu tulipoweza kujibu "kwa vipi?". Kati ya matuta na hasira, mshale. Kati ya hasira na TANU tuliweka mshale wa vitone, na pembeni tukaandika: chama kiliwakuta watu wamekwisha kukasirika. Mwanafunzi atakayechora mshale mzito kila mahali ataandika insha inayosomeka vizuri lakini haithibitishi kitu, na wasahihishaji huliona hilo mapema.

Suala la Wameru lilitwenda haraka zaidi, kwa sababu mstari wa kwanza kuhusu udhamini ulikuwa umeshaandaa njia. Mwaka 1951 serikali iliwahamisha Wameru yapata 3,000 kutoka Engare Nanyuki, chini ya Mlima Meru, ili eneo lile liwe mashamba ya mifugo ya Wazungu. Nyumba zilichomwa. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akafika New York kuzungumza mbele ya Umoja wa Mataifa, akiwa na wakili wao Earle Seaton, mtu mweusi kutoka Bermuda. Hawakurudishiwa ardhi, maana azimio la kuwatetea lilikosa theluthi mbili za kura katika Baraza Kuu. Binti yangu alitaka kuandika "walishindwa". Nikamwomba asikilize tena dakika ile ya mhadhara. Kirilo Japhet aliporudi alizunguka nchi akiwaeleza watu alichokiona, na watu wa mbali na Meru wakajua kwamba mkulima anaweza kuishtaki serikali mbele ya dunia. Machi 1955 Nyerere alipokwenda kwenye Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, alipita mlango ambao Wameru walikuwa wameshaufungua. Tukaandika: "Kesi ilipotea, njia ikajulikana."

Hapo ndipo ulinganisho na Afrika Kusini ulipopata maana, ingawa mwanzoni binti yangu aliuona kama nyongeza ya kuchosha. Watu wa hapa walikuwa na chama mapema kuliko sisi, ANC ikiwa imeanzishwa Bloemfontein mwaka 1912. Walikuwa na wasomi na wafanyakazi wengi wa migodini na viwandani, na mwaka 1955 walikusanyika Kliptown, mwendo mfupi kutoka tunakoishi, wakapitisha Hati ya Uhuru. Kama elimu, miji na vita vingetosha, Johannesburg ingetangulia Dar es Salaam. Lakini waliokuwa wakishindana nao hawakuwa maofisa wa kupangiwa vituo, watakaofunga masanduku siku moja na kurudi London. Ilikuwa serikali ya walowezi, waliojipatia utawala wao tangu Muungano wa 1910, na hapakuwa na mdhamini wa kushtakiwa kwake. Baada ya risasi za Sharpeville Machi 1960, ANC na PAC zilipigwa marufuku. Mwaka uleule TANU ilishinda uchaguzi wa Agosti, ikichukua viti 70 kati ya 71. Jirani yetu, mzee wa Soweto ambaye hupenda kututania kwamba sisi uhuru tulipewa kwenye sinia, alipata jibu refu kuliko alivyotarajia siku binti yangu alipokutana naye kwenye lifti.

Utani huo wa sinia ndio uliotuleta kwenye sehemu ya mwisho, maana hata kwenye daftari la kwanza kulikuwa na sentensi "Tanganyika ilipewa uhuru kwa amani". Kiswahili hakikatazi "ilipewa", lakini kinakulazimu uulize na nani, na aliyepewa alikuwa amefanya nini. Mfano bora ni kura tatu.

Serikali iliandaa uchaguzi wa 1958 na 1959 kwa sharti hili: kila jimbo litatoa wabunge watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, na kila mpiga kura lazima apige kura tatu, moja kwa kila kundi. Asipofanya hivyo karatasi yake inaharibika. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8 na Wazungu yapata 20,000, na bado viti vilikuwa sawa. Tena si kila mtu aliruhusiwa kupiga kura, ilitakiwa kiwango cha elimu, kipato au cheo fulani. Ndani ya TANU wengi walitaka kususia. Sharti lile lilikuwa tusi, na kushiriki kungeonekana kama kulikubali.

Nilimwambia binti yangu afunge daftari ajifanye mjumbe wa mkutano wa Tabora wa Januari 1958. Akasema bila kusita, "Nasusia." Nikamuuliza ni nani atakayesimama akisusia. Akakumbuka UTP, chama kilichoanzishwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Twining ili kishindane na TANU. Wakisusia, UTP inachukua viti vyote na serikali inatangaza kwamba nchi imechagua. Alikaa kimya kidogo, kisha akachukua kalamu akaanza kuhesabu. Kama kila mpiga kura analazimika kumchagua Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na wapiga kura wengi wa jimbo ni Waafrika wanaoiunga mkono TANU, basi ni wao watakaoamua hata Mzungu gani aingie. "Baba, mtego umewageukia!" Ndivyo ilivyokuwa. Nyerere aliushawishi mkutano ushiriki, na TANU ikawaunga mkono Wazungu na Waasia waliokubaliana na msimamo wake, watu kama Derek Bryceson na Amir Jamal. UTP haikupata kitu. Lakini uamuzi ule ulikuwa na gharama, na muhtasari unaoiacha gharama haujakamilika: Zuberi Mtemvu alijitoa na kuunda chama chake, akiona TANU imelegeza kamba. Kwenye ukurasa wetu Mtemvu alipata mstari mzima, kwa sababu mtihani hupenda kuuliza kama wanaharakati walikuwa na sauti moja.

Ukurasa wa pili ukaishia 9 Desemba 1961. Badala ya "ilipewa" binti yangu aliandika kwamba Waingereza waliona kukaa kungegharimu kuliko kuondoka, kisha akaeleza kwa nini: utawala wa kupitia wenyeji umekufa vijijini, kura wamezipoteza kwa sheria yao wenyewe, na New York wanaulizwa kila mwaka. Kenya walikuwa wametoka tu kwenye hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na hawakutaka nyingine jirani.

Tulibishana pia kuhusu jina la jambo lenyewe. Yeye aliandika "uzalendo", mimi nikataka "utaifa". Mzalendo anaipenda nchi yake, na mtu anaweza kuipenda nchi bila kudai kwamba watu wake ni taifa moja linalostahili kujitawala. Dai hilo la pili ndilo mhadhara ulilokuwa unalieleza, kwa hiyo tukaandika utaifa. Lakini akaniambia, na ana haki, kwamba vitabu vyetu vingi vinawaita waanzilishi wenyewe wazalendo, basi tukaliacha neno hilo kwa watu na utaifa kwa wazo. Kuhusu "kudai" na "kupigania" hatukugombana. Tanganyika tunaandika walidai, Kenya ya msituni tunaandika walipigania, na tofauti ya vitenzi hivyo viwili inabeba aya nzima ya insha.

Lilibaki suala la kurudi kwenye Kiingereza, na hapa familia nyingi zitakazojaribu zitakwama zisipojiandaa. Kuna maneno ambayo msahihishaji anayatafuta kama yalivyo: jina rasmi la nchi ya udhamini, la utawala wa kupitia wenyeji, la serikali ya walowezi, la vyama vyote kwa kirefu chake. Hayo hayatafsiriki papo kwa papo ukiwa na saa mbili na mikono baridi ya Juni. Aliyaandika kumi na mawili nyuma ya ukurasa wa pili, upande mmoja Kiswahili, upande wa pili Kiingereza cha mhadhiri, na kila asubuhi kwenye teksi ya kwenda chuoni hufunika upande mmoja kwa kidole na kuutamka wa pili. Jioni ni zamu ya mnyororo. Mama yake, ambaye hakusoma historia kupita kidato cha pili, anashika kurasa mbili na kuuliza swali lilelile kwa kila mstari: "Kwa vipi?" Akijibu kwa Kiswahili bila kukwama, anarudia jibu hilo kwa Kiingereza. Akikwama, anapiga alama ya penseli na tunarudi kwenye sauti ya mhadhiri.

Hadi juzi alama zilikuwa zimebaki tatu. Mbili ni za Kenya, kuhusu kwa nini KAU ilishindwa kuwashika vijana wa Nairobi kabla ya 1952. Ya tatu iko pembeni mwa Uluguru, na ni swali la bibi yake, aliyepiga simu Jumapili kuuliza kama kwenye hicho kitabu cha chuo wameandika kwamba waliokata matuta walikuwa wanawake. Hawakuandika. Binti yangu ameiongeza kwa wino mwekundu, na anasema akiulizwa kuhusu sera za kilimo ataanza nayo.